Mabehewa Tisa Yenye Msalaba wa Chaki

Jumanne, 14 Julai 1992

Baridi. Asubuhi hapa Kolwezi mdomo unatoa moshi kama pipa la forji, tanuri letu. Kwetu Kabalo, kando ya mto, baridi ya namna hii haijulikani.

Leo mtu mgeni aliingia atelye, karakana ya kampuni. Mfupi, koti la reli, kiloba begani. Ndani ya kiloba kipande kimoja cha bronzi, kizito, kimepinda kama nusu ya bomba. Alikitoa na kukishika kwa mikono miwili. Anaitwa Ngoy, anatoka Kasaji, anakagua mabehewa huko. Kitu hicho ni kusineti. Kinakaa juu ya shingo ya ekseli, ndani ya sanduku la chuma, na uzito wote wa behewa unakilalia. Chake kimeyeyuka upande wa ndani.

Shefu Kalenga alimuuliza, bon iko wapi, karatasi ya kuomba kazi?

— Mi sina bon, shefu. Nimekuya tu.

— Atelye ni ya pampu za mgodi wa Mashamba. Batu ba lagare, ba stesheni, banajua kuomba tu!

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Shefu akicheka, unacheka.

Injenia Ntambwe hakucheka. Lakini yeye hacheki siku yoyote. Séraphin Ntambwe, Mluba wa Kasai, mrefu, akizungumza anaangalia viatu vyake. Miaka mitatu ninafanya kazi chini yake na sijui rangi ya macho yake. Alikuja polepole, akachukua kile kitu bila kuomba, akaenda nacho dirishani. Akakwaruza kwa ukucha. Akanusa kidole.

Nilitaka sana kujua amenusa nini! Nikapita karibu, ufagio mkononi. Kwenye mifereji ya mafuta kulikuwa na kitu chekundu, kimeganda kama sabuni. Mawese! Mafuta ya kupikia, ndani ya sanduku la gurudumu!

Yule Ngoy aliona kwamba injenia ameona. Uso wake ukanyauka. Injenia angesema neno moja tu, atelye nzima ingemcheka hadi Krismasi. Injenia akapangusa mifereji kwa kitambaa, akakiweka kitambaa mfukoni. Akaniambia, kwa jina la kwetu kama kawaida, sauti ndogo:

— Kabalo, washa forji.

Shefu akasema fanyeni, lakini saa ya chakula, si saa ya kampuni.

Jumatano, 15 Julai

Sijawahi kuona kazi hii toka mwanzo hadi mwisho. Naandika nisisahau.

Kwanza tuliyeyusha chuma cheupe cha zamani, kile laini wanachokiita regile. Kilitiririka kama uji. Chini yake bronzi tupu. Kuisugua kwa brashi ya waya, kisha soda ya moto, kisha asidi. Asidi si hivihivi: injenia anatia vipande vya zinki ndani, inachemka na kupiga kelele, mpaka ishibe na kunyamaza. Hapo ndipo inafaa. Kisha anapasha bronzi, anaipaka etaini, ile bati laini, inang'aa kama kioo. Nikauliza kwa nini usimwage regile moja kwa moja? Akajibu viatu vyake: regile haishikani na bronzi. Inashikana na etaini, na etaini inashikana na bronzi. Bila etaini inakaa tu juu, kama rangi kwenye ukuta wenye maji.

Kisha kalibu. Nusu ya bomba inafungwa na chuma cha duara kilicho sawa na shingo ya ekseli, pembeni tunaziba kwa udongo wa kichuguu uliokauka vizuri. Ukiwa na maji, regile inaruka na kukutoboa jicho.

Na moto? Hatuna kipimo tena, kiliibiwa. Injenia alichonga kijiti cha msonobari kutoka kreti, akakichovya ndani ya regile. Mara ya kwanza kilitoka cheupe: bado. Mara ya pili kikawaka: mno! Tukasubiri. Mara ya tatu kikatoka rangi ya kahawa, bila mwali. Akaitikia kwa kichwa. Akamwaga, mara moja, bila kukata, bila kupumua. Ngoy naye hakupumua.

Alhamisi, 16 Julai

Leo injenia alikigonga kile kipande kwa nyundo ndogo. Kililia kama kengele. Akachukua kingine kibovu kutoka kwenye takataka, akakigonga: tub! Nimeelewa. Kinacholia tub kina nafasi ndani, regile haijashika.

Kisha kukwangua. Alipaka rangi ya bluu kwenye shingo ya mfano, akalaza kusineti juu, akaizungusha, akainua. Pale palipo na bluu ndipo pamesimama juu, panakwanguliwa. Tena. Tena. Mara kumi na moja! Mwishoni akachukua tupa na kuondoa makali ya kingo mbili. Ngoy akauliza kwa heshima, tata, kwa nini unaziharibu? Injenia akamvuta pembeni kwenye mashine ya kuranda, mimi nikafagia hapo hapo.

Nilisikia hivi: kingo kali zinafagia mafuta kabla hayajaingia. Na yale mengine, tata, usiweke tena. Kwa joto la mchana ni maji, kwa baridi ya asubuhi ni jiwe. Sufu ya kupandisha mafuta haiwezi kunyonya jiwe.

— Mafuta ya kazi habatuletei tena, tata injenia. Bameuzisha yote njiani. Ningefanya namna gani?

Injenia akaenda kwenye sanduku lake akarudi na kopo la mafuta ya mashine, lita tano, na furushi la sufu. Fungu lake mwenyewe, la mwezi. Akampa, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Nilimsindikiza Ngoy hadi geti. Akaniuliza jina la yule mtu. Ntambwe, nikasema. Akasimama.

— Ni wa Kasai?

— Wa Kasai. Lakini amezaliwa hapa.

— Aya, akasema. Akaenda na kiloba chake.

Jumatatu, 7 Septemba

Habari kutoka Likasi. Wenyeji wa Katanga wanawafukuza watu wa Kasai, nyumba kwa nyumba. Wanawaita bilulu, wadudu. Kwenye kantini meza zimejigawa zenyewe. Injenia anakula amesimama. Nilimuuliza kwa nini pampu inaimba kabla ya kufa. Alinieleza nusu saa nzima. Nadhani alifurahi.

Jumatano, 24 Machi 1993

Imefika hapa.

Vijana walipita mtaa wa kambi, wakapiga milango. Saa tatu sanduku la injenia lilikuwa nje ya atelye, kwenye matope. Shefu Kalenga alisema, si mi, ni wakati. Atelye ni ya benyeji sasa. Kuna aliyesema injenia aende kula almasi kwao Kasai.

Yeye aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akavipangusa. Mimi nilisimama. Mimi pia si wa hapa, lakini Kabalo ni Katanga, basi mimi ni mwenyeji! Siku tisa za treni toka nyumbani, mwenyeji. Sikusema kitu. Jioni nilichukua kiti chake cha mbao, kile chenye mgongo, kwa sababu changu kimevunjika. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Baada ya misa nilikwenda lagare na unga wa muhogo. Waliofukuzwa wanangoja treni ya Kasai, sijui hata niseme watu wangapi. Chini ya mahema, chini ya shuka, chini ya milango iliyong'olewa kwenye nyumba zao wenyewe. Mvua imenyesha wiki nzima. Harufu.

Niliwapata akina injenia karibu na ukuta wa bohari. Mkewe, mama Bilonda, mwanamke wa sauti kubwa, hafanani naye hata kidogo. Binti yao Kapinga, miaka sita, amelala na surua. Macho ameyafumba, kifua kinapiga kama ndege. Mama Bilonda alisema watoto wanne wamezikwa tangu Ijumaa, na nesi wa misheni amesema huyu atolewe kwenye matope haya, alale pakavu, la sivyo kifua kitamwua.

— Na huyu mume wangu! Bengine bananunua nafasi ya treni, bengine banapigana na liste ya majina. Yeye anaangalia reli!

Kweli alikuwa anaangalia reli. Lakini si reli. Kwenye njia ya pembeni kuna mabehewa tisa, ya kufunikwa, makavu, yamefungwa. Kila moja lina msalaba wa chaki karibu na gurudumu, alama ya behewa bovu. Watu wanalala chini yake, hakuna anayelala ndani.

— Masanduku ya magurudumu yameungua, injenia akaniambia. Kwenye mabehewa yote tisa. Kwa sababu ya kusineti tu.

Treni ya mwisho iliondoka na mabehewa kumi na moja. Watu walibaki juu ya reli kama nyasi.

Jumanne, 20 Aprili

Ngoy! Yule wa kiloba! Ameingia atelye leo, sasa amehamishiwa Kolwezi, mkaguzi wa mabehewa yote. Kofia, karatasi, kalamu sikioni. Na safari hii ana bon.

Anataka kusineti kumi na tatu za yale mabehewa tisa zimwagwe upya. Shefu Kalenga akasema hakuna shida. Akajaribu moja mwenyewe, mbele yetu. Hakupaka etaini, alisema ni kupoteza wakati. Ngoy akaigonga kwa ufunguo: tub. Akaingiza bisibisi pembeni, regile ikatoka nzima, kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

— Yule anayeangalia bilatu byake eko wapi?

Wote wakainamia kazi.

— Amefukuzwa, nikasema. Sijui nilipata wapi mdomo. Eko lagare, karibu na bohari.

Shefu akasema mtu huyo haingii tena hapa, vijana watachoma atelye. Ngoy akamwangalia.

— Shefu, saini ya mabehewa ni yangu. Mi natia saini nikiona yeye amefanya. La hapana, yanabaki na msalaba, na wewe utaeleza wakubwa kwa nini batu bako bangali hapa. Si munataka baende?

Wanataka waende, na yule wa kuwaondosha wamemfukuza! Nimelifikiria jambo hili siku nzima na bado linanizunguka kichwani.

Ngoy akasema basi, kazi itafanyika depo ya reli, huko ana ufunguo wake. Mimi nikaomba kwenda kuwasha forji. Shefu akasema ukienda usirudi. Haya.

Alhamisi, 22 Aprili

Depo ina mlango mdogo nyuma, wa chuma, wa kupitishia makaa. Ngoy anatufungulia alfajiri. Injenia amevaa koti la reli na kofia iliyomshukia masikioni. Siku ya kwanza Ngoy alimpa mkono na injenia hakumtambua! Alikuwa anaangalia chini. Alipoona kusineti mikononi mwa Ngoy ndipo akasema, ah, ni tata wa Kasaji. Ililia vizuri?

— Inalia mpaka leo, tata.

Hakuna regile mpya. Tunayeyusha iliyobaki kwenye vibovu vyote, tunaondoa takataka juu kwa kijiko. Haitoshi kusineti kumi na tatu, ni kumi na mbili tu, behewa moja litabaki. Hata kwa hizo injenia akapunguza unene kidogo kwenye zile za nje. Kuzitoa kwenye masanduku ni kazi ya kriki, ile jeki ya kuinulia: unainua sanduku kidogo tu, vidole viwili, uzito utoke, unavuta kabari, kusineti inateleza yenyewe. Ukiinua mno gurudumu linaacha reli. Mgongo wangu umekufa. Lakini kila moja naigonga kwa nyundo kwanza mimi, yeye anasikiliza amefumba macho.

Bado hajaomba nafasi kwa ajili ya mtoto! Nimemwambia mara mbili. Anasema Ngoy ana shida zake.

Ijumaa, 23 Aprili

Mama Bilonda amekuja mwenyewe mpaka mlango mdogo, Kapinga mgongoni.

— Tata Ngoy, huyu anajua kuongea na vyuma tu. Mi naongea na batu. Mutoto wangu anakufa. Tutapanda ao hatutapanda?

Injenia alitaka kuingia ndani ya forji, nadhani. Ngoy akavua kofia. Alisema liste ni ya komite, hata yeye haigusi. Lakini kusineti mpya haisafiri peke yake. Kilomita za kwanza zinahitaji mtu wa kushika masanduku kila kituo, mpaka bluu yote iliwe na kusineti izoee shingo yake. Mtu huyo anapanda behewa la gadi, na familia yake, na hayuko kwenye liste yoyote.

— Ungesema juzi, mama Bilonda akasema.

— Nilingoja yeye aulize.

Sisi watatu tulicheka, na injenia pia. Meno yake ni mazuri.

Na msaidizi, nikasema. Mtu huyo anahitaji msaidizi. Toka Kamina kuna njia ya Kabalo. Nimechoka na Kolwezi.

Jumapili, 25 Aprili

Tumeondoka saa nne. Mabehewa kumi na tisa. Ngoy yuko nasi hadi Kamina. Alifuta misalaba kwa mkono wake, nane. Behewa la tisa limebaki kwenye njia ya pembeni, na watu wakalikimbilia hata hivyo, wakapanda, wakakaa ndani ya behewa lisilokwenda popote. Tuliwapita. Wengine walipunga mkono.

Kapinga amelala kwenye ubao mkavu. Amekunywa maji.

Kila kituo tunashuka, injenia upande mmoja, mimi wa pili. Unashika sanduku kwa mgongo wa mkono, si kiganja. Ukiweza kuhesabu mpaka kumi, ni salama. Ukifika tano tu, ongeza mafuta. Tenke: yote yamefika kumi. Injenia alinionyesha vidole kumi kwa mbali, kama mtoto.

Jumatatu, 26 Aprili. Lubudi

Naandika nimekaa juu ya reli, upesi.

Tulipofika hapa, behewa la sita lilikuwa na moshi. Sikufika hata mbili, ngozi ya mkono imetoka. Tukafungua kifuniko cha sanduku. Ndani: tupu! Sufu haipo. Kusineti nzuri kabisa, mafuta chini, na hakuna kitu cha kuyapandisha.

Nikaangalia pembeni. Kina mama wamewasha moto wa kupikia uji kati ya reli. Moto mzuri, unaowaka haraka. Sufu yenye mafuta! Tangu Tenke wanaichomoa kidogo kidogo, kuni zote zimelowa. Hakuna aliyejua. Mama mmoja, mzee, alikuwa bado nayo mkononi.

Watu walianza kupiga kelele, moto, moto! Mwanaume akaja na ndoo ya maji.

— HAPANA MAJI!

Nilifikiri ni gadi. Ni injenia! Ndoo ikasimama hewani. Chuma cha moto kikipata maji baridi kinapasuka ndani, nyufa usizoziona, alisema, na shingo inakatika njiani, na behewa linalala na watu wote. Alisema hayo kwa sauti, anawatazama usoni, watu mia na zaidi. Macho yake ni ya kahawia. Kisha akaomba: nguo ya pamba au sufu, kavu, kuukuu, na rudisheni iliyobaki. Bila kukasirika. Mama Bilonda akaanza kupasua shuka lao. Yule mama mzee akarudisha ya kwake, analia.

Tulisubiri saa mbili chuma kipoe chenyewe. Akachungulia na tochi ya Ngoy: regile haijatiririka, imepakwa tu upande mmoja. Shingo laini. Tukajaza matambara yaliyolowa mafuta, kwa kijiti, yakibana vizuri.

Lakini shefu wa lagare hapa anasema behewa la sita likatwe, libaki Lubudi. Watu themanini! Na hapa vijana wamekwisha kusimama nyuma ya uzio, wana mawe. Ngoy anasema linaweza kwenda mwendo wa mguu hadi kituo kijacho. Shefu wa lagare anasema nani atajibu likianguka? Aandike jina lake kwenye kitabu. Jina lote, na kwao ni wapi.

Ngoy alinyoosha mkono kwa kalamu. Injenia akamtangulia. Aliandika polepole: Ntambwe Séraphin, injenia. Kwenye kwao ni wapi alisimama. Shefu alingoja, sisi tukangoja. Akaandika: Kolwezi.

Shefu akasoma. Akamwangalia. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ameingia ofisini na kitabu, mlango amefunga, tunasikia anapiga simu.

Mashine ya treni imepiga honi, na behewa la sita bado limeungwa. Injenia hakupanda behewa la gadi. Yuko hapa mbele yangu, amesimama kando ya gurudumu la behewa la sita, mgongo wa mkono kwenye sanduku, anahesabu kwa sauti ili watu wa ndani wasikie. Na wao wanahesabu naye. Sita. Saba.

Ngoy ananiita, niache kuandika, nishike upande wa pili.